Nguo nambari 14 ni yako au si yako? Ujue mtumba wa laivu kabla ya kutuma pesa

Ni saa tatu usiku. Umejilaza kitandani, simu iko mkononi, na TikTok imekuleta kwenye laivu ya dada mmoja aliyesimama katikati ya stoo ndogo Gikomba, Nairobi. Mbele yake kuna robota la nguo lililofungwa kwa kamba za plastiki, gumu kama jiwe la ujenzi. Anachukua kisu, anakata kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nguo zinafura. Komenti zinaanza kumwagika: “Kamera! Kamera! Tuonyeshe kamera!”

Dakika tano baadaye ameinua gauni la maua ambalo ungelivaa harusini kesho. “Nambari 14, saizi 12, mia tatu hamsini!” Unaandika “14” mbio. Kwenye simu yako jina lako ndilo la kwanza. Yeye anasoma jina la mtu mwingine. Umekosa, na hujui umekosea wapi.

Mchezo huu una kanuni zake. Nyingi hazitangazwi kwa sababu wateja wa zamani wanazijua tayari. Ukiingia bila kuzijua, ama utakosa nguo nzuri ama utalipia kitu ambacho hukukusudia kununua. Kwa hivyo tuanze na neno linalowachanganya wengi: gredi.

Gredi ni mbili, si moja

Nguo ya mtumba hupangwa mara mbili kabla ya kukufikia.

Mara ya kwanza ni ng’ambo, kwenye bohari za kuchambulia. Huko nguo hutenganishwa kwa aina: blauzi peke yake, suruali za jinzi peke yake, nguo za watoto peke yake. Kisha hutenganishwa kwa hali. Zilizo karibu na mpya huitwa krimu, zinazofuata ni gredi A, halafu gredi B. Mashine huzikandamiza, zikafungwa na kubandikwa lebo inayosema aina, gredi na uzito. Robota la kawaida linalofika Kenya lina kilo 45.

Mara ya pili ni hapa nyumbani, robota likishafunguliwa. Mfanyabiashara huchambua tena kwa jicho la soko lake. Nguo safi zisizo na kasoro, za mtindo unaotakiwa sasa hivi, ndizo kamera. Zinazofuata ni za pili: nzuri, lakini mtindo wake ni wa kawaida au rangi imefifia kidogo. Kisha kuna za tatu, zenye kasoro ndogo kama kifungo kilichopotea, zipu inayokwama au nyuzi zilizovingirika na kufanya vijipira. Mwishoni ni fagia, yaani zile zinazobaki chini na kuuzwa kwa bei ya kufagia.

Sasa angalia mtego ulipo. Muuzaji akisema “hili ni robota la gredi A”, anazungumzia lebo ya bohari. Hajakuambia kwamba kila nguo iliyomo ni kamera. Robota la gredi A lina kamera, lina za pili, na halikosi fagia. Aliyelichambua alikuwa na maelfu ya nguo mbele yake na hakujua kama msichana wa Umoja au Kisumu anapenda mikono mipana mwaka huu. Kwa hivyo ukisikia “gredi A”, uliza mara moja: “Hiyo uliyoshika ni kamera au ni ya pili?” Muuzaji mwaminifu hujibu bila kusita, maana bei zake zimejengwa juu ya jibu hilo.

Bei inatoka wapi?

Wengi hudhani muuzaji anabuni bei kwa kuangalia komenti zimejaa kiasi gani. Hilo hutokea, lakini chini yake kuna hesabu. Tuifanye pamoja kwa mfano wa robota la blauzi nyepesi za kike. Bei nimezichagua ili tuone hesabu inavyokwenda, kwani bei halisi hubadilika kulingana na msimu, aina ya nguo na nchi ilikotoka.

Blauzi nyepesi ina uzito wa gramu 180 hivi. Kilo 45 ni gramu 45,000. Gawanya, utapata blauzi 250. Tuseme robota limenunuliwa Sh24,000. Mkokoteni wa kulitoa kwa muuzaji wa jumla ni Sh300, bando la intaneti Sh500, msaidizi wa usiku huo Sh1,000, mifuko na karatasi za nambari Sh200. Jumla ni Sh26,000. Yaani kila blauzi, nzuri na mbaya, imemgharimu Sh104.

Lakini hawezi kuuza zote kwa bei moja ya Sh120 na kulala usingizi. Fagia haitanunuliwa hata kwa Sh104. Kwa hivyo kamera lazima ibebe mzigo wa fagia. Tuseme amepata kamera 40 za Sh350, za pili 90 za Sh150, za tatu 80 za Sh70, na fagia 40 za Sh20. Kamera zinampa Sh14,000, za pili Sh13,500, za tatu Sh5,600, na fagia Sh800. Jumla Sh33,900. Akiuza kila kitu, faida ni Sh7,900.

Ona vile blauzi 40 tu kati ya 250 zimeleta zaidi ya Sh40 katika kila Sh100 anazopata. Ndiyo maana unapobembeleza “dada, hiyo ya tatu hamsini nipe na soo mbili”, anakataa hata kama anatabasamu. Nguo uliyoitaja inalipia zile ambazo hakuna mtu atazitaka.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Robota limefunguka na kamera ni 20, si 40, na zile 20 zilizokosekana ni za tatu. Mapato yanashuka hadi Sh28,300. Faida ni Sh2,300. Hajaibiwa na mtu, hajafanya kosa. Bahati ya robota imekuwa hivyo, kwa sababu hakuruhusiwa kulifungua kabla ya kulilipia. Ndio uhondo wa kutazama robota likifunguliwa laivu: hata mwenye mali hajui kilichomo.

Kutokana na hesabu hii, laivu huwa na mitindo miwili ya bei, na inafaa ujue umeingia upi.

Mtindo wa kwanza ni bei moja kwa zote: “Usiku wa leo kila kitu soo na finje!” Hapa muuzaji hajachambua. Anatumia wastani, na faida ya kuwahi ni yako. Kamera ya Sh350 unaipata kwa Sh150, mradi uwe pale kamba zinapokatwa. Ukiingia baada ya nusu saa, utalipa Sh150 hiyo hiyo kwa kitu ambacho kingeuzwa Sh70.

Mtindo wa pili ni bei kwa gredi. Huu unafuata desturi ya Gikomba yenyewe, ambapo wanaotafuta kamera hufika alfajiri robota linapofunguliwa, na bei hupungua kadiri jua linavyopanda. Kwenye laivu saa hizo hubanwa zikawa dakika. Kamera hazishuki bei maana zina wenyewe. Za pili na za tatu hurudi mwishoni kwa bei nafuu au kwa kifurushi: “Kumi kwa Sh700, nachagua mimi.” Kusubiri hapa kuna faida, lakini soma vizuri hayo maneno “nachagua mimi”. Kifurushi ni njia ya kuondoa za tatu. Kama unaweza kushona kifungo na kubadilisha zipu, ni mali. Kama unataka nguo ya kuvaa kesho kazini, si yako hiyo.

Kukleimu: nani wa kwanza?

Sasa turudi kwenye nambari 14 uliyoikosa.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Muuzaji anabandika nambari, anataja saizi na bei, na wa kwanza kuandika nambari hiyo ndiye mwenye nguo. Anasoma jina la akaunti, msaidizi analiandika kwenye karatasi, karatasi inabandikwa kwenye nguo, nguo inaingia kwenye mfuko. Hapo umekleimu. Hujanunua bado.

Tatizo ni neno “kwanza”. Picha ya laivu hukufikia ikiwa imechelewa sekunde kadhaa, na kuchelewa huko hakulingani kwa kila mtu. Aliye kwenye waifai nzuri ameliona gauni kabla yako. Tena komenti yako huweza kutokea kwenye simu yako papo hapo kabla haijafika kwa muuzaji, ndiyo maana ulijiona wa kwanza. Kinachohesabika ni mpangilio wa komenti kwenye simu ya muuzaji au ya msaidizi wake. Kupigana kwenye komenti ukituma picha ya skrini yako hakusaidii, kwa sababu picha hiyo inaonyesha yale uliyoyaona wewe.

Unachoweza kufanya ni kuandika kwa ufupi. Andika “14” na utume. Jina la akaunti yako linaonekana tayari, kwa hivyo “Mimi naomba hiyo ya maua tafadhali” imekupotezea muda. Ukikosa, andika “14 pili”. Wauzaji wengi huweka wa akiba, kwa sababu wanajua si kila anayekleimu hulipa.

Hapo ndipo biashara hii inapouma. Mtu anakleimu nguo tano kwa msisimko, laivu inaisha, anazima simu. Rudi kwenye robota letu lenye kamera 20 na faida ya Sh2,300. Wateja wakikleimu kamera nane na wasilipe, Sh2,800 hazijaingia, na faida yote imefutika. Atazirudisha nguo hizo hewani kesho, lakini wateja wameshaziona na wataanza kuuliza, “Kwani hiyo ina shida gani?” Ndiyo sababu kuna masharti ya muda: lipa ndani ya dakika 30, au kabla laivu kuisha, la sivyo inaenda kwa wa pili. Ukikosa kulipa mara mbili, jina lako linapigwa bloku. Si madharau. Ni hesabu.

Kwa upande mwingine, nawe usiwe mjinga wa msisimko. Kuna laivu ambazo akaunti zilezile mbili tatu hukleimu kila kitu kwa kasi, kisha baada ya dakika kumi nguo zilezile zinarudi: “Huyu hakulipa, nani anachukua?” Ikitokea mara moja, ni kawaida. Ikitokea kila mara na majina ni yaleyale, huenda hao ni wapambe wa kuchochea moto ili uogope kukosa. Tulia, ngoja nguo irudi, uikague upya.

Kagua kabla hujaandika nambari

Sokoni ungeishika nguo, ungeinusa, ungeigeuza. Kwenye laivu macho yako yamekopeshwa na taa. Taa kali ya duara hufanya nguo iliyofifia ing’ae, na rangi ya samawati iliyokolea huonekana nyeusi. Omba mambo matatu tu, na uyaombe kwa komenti fupi.

La kwanza, “kwapa na kola”. Madoa ya manjano ya jasho hukaa hapo na mara nyingi hayatoki kwa sabuni. La pili, “geuza ndani”. Mishono iliyoachia na matundu madogo huonekana upesi upande wa ndani, na kwa suruali tazama panapokutana mapaja. La tatu, “pima kwa tepu”. Usiamini lebo ya saizi. Saizi 12 ya Uingereza ni saizi 8 ya Marekani, na nguo za Uchina au Korea zina vipimo vyao. Mwambie aitandaze apime kiuno kutoka upande hadi upande, kisha wewe uzidishe mara mbili. Akisema inchi 15, hicho ni kiuno cha inchi 30. Jua chako kabla ya laivu kuanza.

Kuhusu robota lenyewe, tazama linavyofunguka. Robota ambalo halijaguswa huwa na kamba zinazokatwa mbele yako, lebo iko mahali pake, na nguo hutoka zimeshikana bapa zenye mikunjo mikali. Ukiona nguo zimelegea na kufura ndani ya gunia lililofungwa kwa kamba ya sisali, huenda lilishafunguliwa na kamera zikatolewa. Kufanya hivyo si kosa. Muuzaji ana haki ya kutenga kamera zake auze kando. Kosa ni kukuambia robota ni bikira kumbe limeshachaguliwa.

Pesa na mzigo

Ukishasomewa jina, kuna hatua ambayo matapeli huisubiri kwa hamu. Wengi huandika nambari yao ya simu kwenye komenti ili wapigiwe. Kila mtu anaiona. Baada ya dakika mbili unapata ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya yule dada: “Hi dear, umeshinda 14, tuma kwa hii namba.” Dada mwenyewe hana habari. Kwa hivyo usiandike nambari yako hadharani. Wewe ndiye umtafute muuzaji kwa nambari iliyo kwenye wasifu wa akaunti yake, na ulipe kwa till aliyoitaja kwa mdomo wake laivu. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa tofauti na lile alilotangaza, simama.

Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo ukiomba zirudishwe. Usingoje kesho, maana aliyezipokea akishazitoa kazi inakuwa ngumu. Pia ujue kwamba njia hiyo ni ya pesa zilizopotea njia. Haikusudiwi kutatua ugomvi wa gauni lenye doa.

Ugomvi wa doa hutatuliwa kwa yale yaliyosemwa laivu. Wauzaji wengi hawarudishi pesa kwa sababu nguo haikukutosha, na hiyo ni haki ikiwa walipima mbele yako. Lakini kasoro ambayo haikuonyeshwa ni jambo lingine. Uliza sharti hilo mapema, na ukiwa na wasiwasi rekodi skrini yako nguo yako inapoinuliwa. Mzigo ukifika, jirekodi ukiufungua. Video mbili hizo humaliza mabishano mengi.

Mwisho ni usafiri, ambao hula faida kimyakimya. Blauzi ya Sh150 ikitumwa kwa Sh150 imekuwa ya Sh300, karibu bei ya kamera. Waulize kama wanaweka akiba, yaani unalipia nguo zako leo, zinakaa kwenye mfuko wenye jina lako, na zinatumwa pamoja mwisho wa wiki. Blauzi nne za Sh150 kwa usafiri mmoja zinakuwa Sh750, na kila moja imekugharimu chini ya Sh190. Uliza tu mfuko unakaa siku ngapi, kwa sababu stoo ni ndogo na baadhi huuza upya mzigo usiochukuliwa.

Kwa hivyo kesho usiku kamba zikikatwa tena, kuwa na tepu karibu, bajeti kichwani na kidole tayari. Uliza kwapa, uliza kipimo, kisha andika nambari. Na ukisomewa jina lako, lipa. Nyuma ya simu ile kuna mtu amekaa na robota la kilo 45 akihesabu kamera zake moja moja.